Slaidi za nesi na kikombe cha mama

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi Uganda. Nesi amenipa slaidi 14 za Kiingereza kuhusu kuhara kwa watoto, anataka nimwandikie mafunzo ya Kiswahili ya dakika 20 ayasome kwa wamama Jumamosi. Nimeshatafsiri slaidi nne. Nilipomsomea mke wangu, akaniuliza, 'Sawa, sasa mimi nifanye nini?' Nimekosea wapi?"

Mwalimu, mkeo amekusaidia kuliko kamusi yoyote. Zile slaidi nne usizirekebishe, ziweke pembeni kabisa. Slaidi ni vikumbusho vya mtu ambaye tayari anajua. Nesi akiona pale "zinki, miligramu 20, siku 10", kichwani mwake kuna maelezo mazima: kidonge ni kipi, kinayeyushwa kwenye nini, nani anampa mtoto, na kwa nini mama asiache siku ya tatu akiona tumbo limetulia. Maelezo hayo hayakuandikwa popote. Ukitafsiri kilichoandikwa, hata ukitafsiri bila kosa, yale ambayo mama anayahitaji yanabaki kichwani kwa nesi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno, kaa na nesi kwa saa moja. Mwombe aje na pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na kadi ya vidonge vya zinki, zile zile zinazotolewa kituoni. Pitieni slaidi moja moja, na kwa kila moja muulize swali la mkeo: mama akitoka hapa, afanye nini kwa sababu ya hii? Slaidi isiyo na jibu, kwa mfano takwimu za nchi, chati au majina ya vijidudu, nesi mwenyewe aikate kwa kalamu. Wewe usikate peke yako, maana hujui ipi inabeba nini. Kwa uzoefu wangu slaidi 14 zikichujwa hivyo hubaki tano au sita: kuchanganya ORS, kumnywesha mtoto, zinki, kunyonya na kula, dalili za hatari, na kunawa mikono.

Urefu nao uupange mapema. Mtu akisoma polepole mbele ya watu anatoa maneno kama 100 kwa dakika, lakini dakika zako 20 zina kuchanganya dawa mbele ya macho yao, zina maswali, na zina mtoto atakayelia. Mimi kwa dakika 20 huandika maneno 900, sivuki hapo.

Sasa tuingie kwenye kuchanganya, kwa sababu hapo ndipo nimeona maandishi mazuri yakiharibikia.

Slaidi itasema: pakiti moja, maji safi lita moja. Inaonekana haina tatizo. Lakini wewe unamwandikia mama ambaye nyumbani ana jerikeni ya lita 20, sufuria, na kikombe kile kikubwa cha tampeko ambacho hapa Uganda kinapimia kila kitu, kuanzia maziwa hadi maharage. Lita iko wapi hapo? Mtafutie. Tampeko ya kawaida ni nusu lita, kwa hiyo mbili zilizojaa ni lita moja. Chupa ndogo ya maji ya kununua huandikwa mililita 500, nazo ukijaza mbili ni lita moja. Lakini usiandike kwa kuamini maneno yangu. Chukua chupa ya mililita 500, mimina kwenye tampeko ya pale Nakivale, uone kama inajaa sawasawa. Zingine ni ndogo.

Kisha soma pakiti yenyewe. Pakiti iliyozoeleka kituoni ni ya lita moja, lakini zipo zinazotengenezwa kwa nusu lita, na nyingine ndogo zaidi ya hapo. Slaidi huenda ilitayarishwa kwa pakiti tofauti na ile itakayogawiwa. Kipimo kinachofuatwa ni kile kilichochapwa kwenye pakiti, na hapo hapo mwonyeshe nesi ukiona haviendani.

Kwa nini kipimo kinabana hivi? Kwenye ile pakiti kuna chumvi na sukari ya glukosi kwa uwiano maalumu, na glukosi ndiyo inayosaidia chumvi kupita kwenye utumbo, kisha maji yanaifuata. Mama akiweka maji machache ili "dawa iwe kali", chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Akiweka maji mengi ili pakiti ifike kesho, mtoto anakunywa maji matupu. Kwenye mafunzo usimweleze habari za utumbo. Mwambie mambo mawili anayoweza kuyatenda: pakiti yote iingie kwa mara moja, asibakize nusu, na asiongeze sukari, chumvi, maziwa wala soda. Maji ya kunywa yachemshwe na kupozwa kwanza, ndipo dawa iingie. Ikishachanganywa haichemshwi tena.

Hapo nimeandika "kwa mara moja", na nimeiacha makusudi uione. Neno hilo lilinikosesha usingizi. Miaka ya nyuma niliandika mafunzo kama haya kwa kambi nyingine, nikaweka: "Mpe zinki mara moja kwa siku," na chini yake, "Ukiona damu, nenda kituoni mara moja." Mimi nilijua ya kwanza ni idadi na ya pili ni haraka. Msomaji akasoma kwa kasi, sentensi ya kwanza akaikatisha kwenye "mara moja" kwa sababu mstari wa karatasi uliishia hapo. Wiki iliyofuata mama mmoja alirudi na kadi ya vidonge tisa. Alikuwa amempa mtoto kidonge siku ile ile, haraka, kama alivyoambiwa, basi. Kosa lilikuwa langu, hakukosea msomaji wala mama.

Tangu hapo neno hilo silitumii kwenye mafunzo ya afya. Pa idadi naandika: "Kila siku kidonge kimoja. Leo kimoja, kesho kimoja, mpaka siku ya 10." Pa haraka naandika: "Usingoje kesho. Hata kama ni usiku, toka." Na pa kuweka pakiti naandika: "Mimina yote, isibaki hata chembe."

Ukiendelea na zinki utakutana na umri. Slaidi nyingi huandika mistari miwili: miezi 2 hadi 6 nusu kidonge, miezi 6 hadi miaka 5 kidonge kizima. Kidonge hapo ni cha miligramu 20. Mama mwenye mtoto wa miezi 6 kamili yumo kwenye mistari yote miwili, na atauliza. Andika hivi: "Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, nusu kidonge kila siku. Akishatimiza miezi 6, kidonge kizima." Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 2, akihara apelekwe kituoni, hapimiwi dawa nyumbani. Kadi ina vidonge 10, kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi 4 atamaliza siku 10 akiwa amebakiza vitano. Asipoambiwa mapema, atadhani hajamaliza dozi na ataendelea, au atampa jirani. Muulize nesi angependa vile vitano vifanywe nini, uandike jibu lake.

Na usisahau namna ya kukitoa. Vidonge hivi vinayeyuka. Kinawekwa kwenye kijiko, juu yake maziwa ya mama yaliyokamuliwa au maji safi kidogo, kinatulia kikayeyuka, mtoto ananyweshwa. Slaidi ikiandika neno moja tu la "vinavyoyeyuka", Kiswahili chako kinahitaji sentensi tatu. Zitoe bila kuona aibu.

Kikombe kina mtego wa pili, pale pa kumnywesha. Maelekezo ya kawaida ni kwamba kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 kwenda juu mililita 100 hadi 200. Kwenye slaidi mara nyingi hugeuzwa kuwa robo hadi nusu kikombe, na nusu hadi kikombe kizima. Aliyeandika alikuwa na kikombe cha mililita 200 akilini. Mama wa kwetu akisikia "kikombe kizima" anaona tampeko, yaani nusu lita, na hapo kipimo kimezidi mara mbili na zaidi. Mtoto akimiminiwa kiasi hicho atatapika, mama aseme dawa imemkataa.

Tafuta kikombe kidogo cha chai. Jaza ile chupa ya mililita 500 na uimimine: ikijaza kikombe mara mbili na nusu, una kikombe cha mililita 200. Siku ya mafunzo nesi akishike juu wote wakione, na kwenye maandishi umwekee alama ya kuinua mkono. Halafu sema kijiko: anywe kidogo kidogo kwa kijiko au kwa kikombe, asimiminiwe. Akitapika, mama asubiri dakika 10 kisha aanze tena polepole zaidi. Dakika 10 nyumbani hazina saa ya ukutani, kwa hiyo mimi huandika, "Ngoja kama muda wa kuosha vyombo, kisha anza tena."

Muda ni taabu nyingine. Slaidi itasema dawa iliyochanganywa imwagwe baada ya saa 24. Kwenye mkusanyiko wa Nakivale una Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na wenyeji wa Isingiro, na si wote wanaohesabu saa kwa namna moja. Nesi mwenyewe akiandika nane kwa saa ya Kiingereza, wewe ukiisoma "saa nane" umepeleka asubuhi mchana. Tegemea jua na chakula: "Ukichanganya leo asubuhi, kesho asubuhi iliyobaki mwaga, changanya pakiti nyingine."

Nije kwenye maneno yenyewe. "Upungufu wa maji mwilini" ni Kiswahili sanifu na mtihani utakupa alama, lakini sijawahi kumsikia mama akimwambia jirani hivyo. Anasema mtoto amelegea, macho yameingia ndani, mdomo umekauka, analia bila machozi. Hizo ndizo dalili zenyewe, basi ziandike hivyo. Tumia neno moja la kuzibeba, kama "maji yamemwishia", ulitaje mara ya kwanza pamoja na dalili zake, na ulirudie lilelile hadi mwisho. Mwalimu hupenda kubadilisha maneno ili insha ipendeze. Hapa ukibadilisha, mama anadhani umetaja ugonjwa mwingine.

Angalia sana neno "choo". Slaidi itataja damu kwenye choo kama dalili ya hatari. Kwetu choo ni kile kinachomtoka mtu na pia ni kile kibanda cha nyuma ya nyumba. Ukisoma "mkiona damu chooni", kuna atakayekwenda kuchungulia shimo. "Kinyesi" ni neno la kitabu, ingawa wengi wanalijua. "Mavi" kila mtu anaelewa, wapo watakaocheka, na baadhi ya wazee watakunja uso. Jibu hili silo langu wala lako. Waulize wamama wawili watatu, mmoja awe wa kutoka Kivu na mwingine awe mwenyeji anayejua Kiswahili cha sokoni, kwamba mtoto akiharibu nguo wanasemaje. Mara moja niliishia na "ukiona damu kwenye uchafu wake, kwenye nguo au kwenye beseni", na hakuna aliyeuliza ni damu gani.

(Umeona? Hata mimi nimelirudia lile neno "mara moja". Ndiyo maana nakwambia mtu mwingine apitie karatasi yako.)

Sauti ya maandishi nayo ina historia yake hapa Uganda. Kwa Mkongomani Kiswahili ni lugha ya jikoni na kanisani. Kwa Waganda wengi wa umri wangu, Kiswahili kilikuwa cha kambi ya jeshi na kizuizi cha barabarani: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Ukiandika "Changanya! Mpe! Usimpe!" kwa dakika 20, nusu ya mkutano wanasikia askari. Umbo la heshima halirefushi kitu: "mama unachanganya", "tunampa kidogo kidogo", "usimnyime chakula, mama". Na mtendaji aonekane. Kiingereza cha slaidi hupenda kusema mtoto apewe, maji yachemshwe, bila kusema na nani. Mwenye kufanya ni mama, au bibi, au dada mkubwa anayebaki na mtoto mama akienda shambani. Wataje.

Kuna sentensi moja ambayo pengine haimo kwenye slaidi zote 14, nami nisingeandika mafunzo bila hiyo: ORS haifungi tumbo. Mama anaitarajia ikate kuhara kama dawa. Siku ya pili mtoto bado anahara, anaiona haifanyi kazi, anaiacha, anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya kufunga tumbo, ambavyo watoto wadogo hawapaswi kupewa. Mwombe nesi akuruhusu uiweke, na uiweke mapema. Hivi ndivyo kipande hicho kilivyotoka kwangu mara ya mwisho, ukione kwa masikio:

"Wamama, mtoto anayehara ni kama jerikeni iliyotoboka. Hii dawa ya kuchanganya haizibi tundu. Inarudisha maji yanayomwagika, ili mtoto asikauke wakati tumbo linapona lenyewe. Kwa hiyo ukiona bado anahara kesho, usiseme dawa imeshindwa. Endelea kumnywesha. Ziwa la mama liendelee, tena mara nyingi kuliko jana. Kama ameshaanza kula, ale. Na kidonge cha zinki kila siku mpaka siku ya 10, hata kama tumbo limetulia siku ya tatu, kwa sababu kinamsaidia asirudie kuhara wiki zinazokuja."

Nesi aliyenisikiliza alibadilisha neno moja tu. Nilikuwa nimeandika "dawa inaponya tumbo", akaniambia hapana, tumbo linapona lenyewe. Alikuwa sahihi, na ingekuwa ahadi mbaya.

Dalili za hatari ziweke mwisho, kwa sababu ndizo wanazotoka nazo mdomoni. Slaidi itakuwa na orodha ndefu. Iandike kama mambo ambayo mama anayaona kwa macho yake: hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, ameshikwa na degedege, ana homa, kuna damu. Nesi asome polepole, kisha wamama wazirudie. Usipunguze hata moja bila idhini yake, hata kama orodha inaharibu mtiririko wako.

Ukimaliza, usimpe nesi karatasi asome kimya. Atasoma Kiswahili chako huku akikumbuka Kiingereza chake, na kila kosa litajaziwa kichwani. Tafuta mtu ambaye hajaziona slaidi na anajua lugha zote mbili, pengine mwanafunzi wa sekondari. Msomee kwa Kiswahili, naye amweleze nesi kwa Kiingereza alichosikia, nesi akiwa na slaidi mkononi. Kila panapotofautiana, lawama iende kwenye sentensi yako. Halafu mpe mkeo pakiti, tampeko mbili na kijiko, umsomee kipande cha kuchanganya bila kumwonyesha kwa mkono. Akisita mahali, weka alama pale. Akiuliza "yote?", ujue hujaandika yote.

Mabadiliko yakiisha, nesi aandike jina lake na tarehe chini ya ukurasa wenye vipimo. Kila hatua ikae kwenye ukurasa wake, herufi kubwa, na sentensi isivuke ukurasa, kwa sababu ya ule mstari wangu ulioishia kwenye "mara moja". Ijumaa jioni mpigie simu umuulize kama pakiti zilizofika ni zile zile mlizozipima. Zikiwa za kampuni nyingine, ukurasa wa kuchanganya mnauandika upya usiku huo.